Maneno 59 juu ya meza ya unga

Bango lililokuwa likimwangusha shangazi yangu pale soko la Tandika nililitengeneza mimi mwenyewe. Naliweka hilo mbele kabisa, maana ninayoyaandika hapa chini yanaweza kusomeka kama namcheka mtu, na wa kuchekwa ni mimi.

Shangazi anauza unga wa lishe. Alianza kwa kuuza getini kwake, kisado kwa kisado, na alipopata meza sokoni akanipigia simu. "Baba, wewe si ndiye unayeshinda na kompyuta? Nitengenezee bango basi, watu wajue nipo." Nafanya kazi kwenye ofisi ya uchapaji Kariakoo. Kutwa nzima napanga kadi za harusi, stika na mabango ya fleksi. Nikamwambia aniambie anachotaka kiandikwe, naye akanisomea kwenye simu, mimi nachapa. Sikumkatiza hata mara moja. Likatoka hivi:

MUNGU NI MWEMA WAKATI WOTE. KARIBUNI SANA MAMA (hapa jina la mwanawe wa kwanza). WAUZAJI WA JUMLA NA REJAREJA WA: unga wa lishe, unga wa dona, unga wa muhogo, unga wa ulezi, unga wa mchele, karanga zilizomenywa, soya, ufuta, asali mbichi, mafuta ya nazi, mdalasini, iliki, tangawizi kavu, binzari, mchaichai. Tunapokea oda za sherehe. Tunatuma mizigo mikoani. Bei zetu ni nafuu. Mteja ni mfalme.

Hayo ni maneno 59. Chini yake kulikuwa na namba tatu za simu, yaani tarakimu 30, kisha Lipa Namba. Kushoto kulikuwa na picha ya mtoto mnene, kulia bakuli la uji linalotoa moshi. Nyuma ya yote hayo rangi ilianzia nyekundu juu ikayeyuka kuwa njano chini, na herufi zilikuwa za kijani zenye ukingo mweupe na kivuli. Fleksi yenyewe ilikuwa na upana wa mita 2 na kimo cha mita 1. Shangazi alilipenda sana. Akalipiga picha akaweka kwenye status.

Mimi pia nililipenda, na sababu zake zinafaa kusemwa. Fleksi tunamtoza mteja kwa mita ya mraba. Uweke neno moja au uweke mia, bei ni ileile. Kwa hiyo mteja akiona nafasi tupu anaona pesa yake imelala pale bila kazi. "Hapo pembeni pamebaki, weka na namba ya Airtel." Nasi mafundi tunaweka, kwa sababu kubishana kunachelewesha foleni, na pia kwa sababu kwenye skrini bango lililojaa linapendeza kweli. Unalitazama umekaa, kwa umbali wa nusu mita, feni inapuliza, umeshalisoma mara arobaini. Hakuna mtu duniani atakayelitazama tena bango lile katika hali ile.

Miezi ikapita. Siku moja nimekwenda kumsalimia, akaniambia kitu kilichonikaa kichwani wiki nzima. "Watu wanapita tu. Na anayesimama ananiuliza, mama, huu ni unga gani? Na bango liko juu ya kichwa changu."

Jumamosi iliyofuata nilikwenda mapema, nikapewa kiti cha plastiki nyuma ya magunia, nikakaa na daftari na futi kamba.

Ujia unaopita mbele ya meza yake ni mita 2, kutoka ukingo wa meza yake hadi ukingo wa meza ya nyanya iliyo upande wa pili. Watu wanapita katikati, kwa hiyo mpita njia yuko mita 1 tu kutoka kwenye bango. Nilipima mita 4 chini kwa chaki, nikachukua saa ya simu, nikahesabu. Asiyebeba kitu alizimaliza kwa sekunde nne hivi. Mwenye mzigo alikwenda polepole zaidi, lakini mwenye mzigo haangalii mabango, anaangalia matope. Basi nikashika mita moja kwa sekunde.

Sasa fikiria kusoma. Mtu aliyekaa ametulia na gazeti anasoma maneno matatu, manne kwa sekunde. Maneno 59 kwa kasi hiyo ni sekunde 15 mpaka 20, hapo sijahesabu namba za simu. Katika sekunde 15 mpita njia wa Tandika ameshavuka meza ya shangazi, ya dagaa, ya ndoo za plastiki, na anajadili bei ya vitenge. Herufi za ile orodha ya bidhaa nilizipima, zilikuwa na kimo cha sentimita 2.5. Mafundi wa vibao wana kanuni ya zamani: inchi moja ya herufi kwa kila futi kumi za umbali, yaani sentimita 2.5 kwa kila mita 3. Kwa kanuni hiyo orodha yangu haikuwa na kosa. Mtu aliyesimama mita 3 mbele yake angeisoma bila kukunja uso. Ila hakuna aliyesimama mita 3 mbele yake, kwa sababu mita 3 mbele yake kuna nyanya.

Hapo ndipo nilipoanza kuona jambo ambalo katika miaka yangu yote ya kukaa kwenye kompyuta sikuwahi kulifikiria. Bango la shangazi lilikuwa limetandazwa sambamba na ujia. Mpita njia hatembei akilielekea, anatembea akipita ubavuni mwake. Chukua simu yako, ishike wima mbele ya macho, kisha izungushe taratibu mpaka uone ukingo tu. Skrini haijapungua, lakini upana unaouona wewe unazidi kusinyaa. Bango nalo liko hivyo hivyo. Ukiwa mita 6 kabla ya kulifikia, na uko mita 1 pembeni yake, unaona sehemu moja ya sita tu ya upana wake. Ukifika mita 3, theluthi. Mita 2, inakaribia nusu. Kwa hiyo ile fleksi ya mita 2, kwa mtu anayekuja kutoka mita 6, ilikuwa kamstari ka sentimita 33 kalikojaa mikwaruzo ya kijani.

Unaweza kusema, basi atalisoma akishalikaribia. Nami nilisema hivyo. Nikainuka, nikatembea mwenyewe, nikaenda na kurudi mpaka muuza nyanya akaniuliza kama nimepoteza kitu. Bango lilikuwa limefungwa juu, ukingo wa chini uko mita 2.2 kutoka ardhini. Unapofika mahali ambapo pembe inakuruhusu kusoma, bango limeshapanda juu ya paji la uso wako. Lazima uinue shingo. Na nani anainua shingo sokoni, katikati ya mikokoteni, na mkoba umeukumbatia kifuani? Kwa mbali linasinyaa, kwa karibu linapaa. Sehemu ambayo bango lile lilikuwa linasomeka kweli ilikuwa ni kiti changu cha plastiki, laiti ningekuwa nimekaa upande wa pili, juu ya nyanya.

Nilirudi ofisini nikalifungua faili kwenye CorelDRAW na kufanya kitu ambacho siku hizi nakifanya kwa kila bango. Bango la mita 2 likitazamwa kutoka mita 6 linachukua kwenye jicho nafasi ileile inayochukuliwa na kitu cha sentimita 17 kilicho nusu mita mbele yako. Nikalipunguza kwenye skrini mpaka likawa na sentimita 17 za rula. Hapo tayari orodha ilikuwa imegeuka vumbi. Kisha nikalibana upana peke yake mpaka ukabaki moja ya sita, kimo nikakiacha. Likawa na upana wa vidole viwili. Mtoto mnene akawa kama mkaa wa gunia. Nikamwita mwenzangu wa mashine ya kuchapa, nikamuuliza hii ni biashara gani. Akasema, "Saluni?"

Kazi ya kupunguza tuliianzia mezani, na daftari. Nilimwomba shangazi kwa siku sita aandike vitu viwili tu: mteja kanunua nini, na neno la kwanza kabisa alilotamka alipofika. Hilo la pili alilicheka, lakini alilifanya kwa uaminifu, tena kwa mwandiko wa mtu aliyesoma shule enzi za viboko. Daftari liliporudi, unga wa lishe ulikuwa umejaza kurasa, karanga zikafuata mbali, na vile viungo vyote, mdalasini mpaka mchaichai, vilikuwa na mistari ya kuhesabika kwa vidole. Maneno ya kwanza yalikuwa manne yanayojirudia: "Huu unga gani?" "Kilo shilingi ngapi?" "Umechanganya nini na nini?" "Wa mtoto wa miezi mingapi?"

Sikiliza maswali hayo vizuri. Hakuna aliyeuliza kama bei ni nafuu, hakuna aliyetaka kujua kama yeye ni mfalme, na hakuna aliyeomba namba ya simu kabla ya kununua. Bango langu lilijibu maswali ambayo hayakuulizwa, na kati ya manne yaliyoulizwa lilijibu moja tu, kwa maneno matatu yaliyofichwa ndani ya orodha ya vitu 15.

Nikakosea mara ya pili, safari hii kwa upande wa pili. Nilikuwa na hamasa ya mtu aliyegundua jambo jana. Nikachora bango jipya lenye maneno mawili tu, LISHE BORA, makubwa ya kutisha, hakuna kingine. Kabla ya kuchapa fleksi nilichapa kwenye karatasi za A3 nikaziunganisha kwa gundi ya karatasi, tukatundika. Namshukuru Mungu nilianza na karatasi. Siku ile shangazi aliulizwa kama anatoa ushauri wa kisukari, mwingine akaulizia dawa ya kupunguza tumbo, na kijana mmoja akakaa kabisa kwenye benchi akisubiri chakula. "Lishe" peke yake ni neno la kliniki na la semina. Kinachouzwa pale ni unga, na mteja anapotoka nyumbani ametumwa unga. Neno lisilokatika ni lile ambalo mteja mwenyewe analitumia akiuliza njia: "Wanaouza unga wa lishe wako wapi?" Ukikata mpaka ukaligusa hilo umeshakata nyama.

Lakini mbele ya hilo neno, mengi yanakatika bila damu. Kiswahili chetu kina vitenzi virefu, na virefu kweli. TUNASAFIRISHA ina herufi 13. TUNAUZA ina saba, na haimwambii mtu chochote, kwa sababu meza imejaa unga na wewe umekaa nyuma ya mizani. Usingekuwa unauza ungekuwa unafanya nini pale? Hesabu ya upana ni rahisi. Herufi nene kubwa, pamoja na nafasi yake, inakula upana wa takriban asilimia 70 ya kimo chake. Ukitaka herufi za sentimita 15, kila moja inakula sentimita 10 na nusu. UNGA WA LISHE, ukihesabu na nafasi za katikati, ni 13, yaani sentimita 137, zinaenea kwenye fleksi ya mita 2 na pembeni panabaki pa kupumua. TUNAUZA UNGA WA LISHE ni 21, yaani sentimita 220. Haienei. Itabidi herufi zote zishuke ili neno lisilo na kazi lipate pa kukaa. Siku hizi mteja akiniambia niweke "tunauza" namwonyesha hesabu hiyo kwenye karatasi, na mara nyingi yeye mwenyewe ndiye analifuta.

Ugomvi halisi na shangazi ulikuwa juu ya viungo.

"Iliki yangu umeitoa."

"Iliki ipo mezani, shangazi. Inaonekana."

"Watu watajuaje kama nina asali?"

"Si ile chupa?"

"Baba, usinijibu kama unaongea na mtoto mwenzio."

Nikanyamaza, nikaomba radhi, nikaanza upya kwa adabu. Nilichojaribu kumweleza ni kwamba maneno yake hayatupwi, yanahamishwa. Kila neno lina umbali wake. Anayekuja kutoka mbali anahitaji kujua kitu kimoja. Aliyesimama anahitaji kujua umechanganya nini. Aliyekwisha kununua anahitaji Lipa Namba. Aliyefika nyumbani na uji ukamkubali mtoto, huyo ndiye anayehitaji namba ya simu na habari za kutuma mikoani. Sisi tulikuwa tumewarundikia wote wanne kwenye ukuta mmoja.

Kwa hiyo iliki, mdalasini na wenzake wakapata vikadi vidogo vilivyochomekwa kwenye makopo yao, kimoja kimoja, herufi za sentimita 1 na nusu. Anayevisoma ameshainama juu ya meza. Lipa Namba ikawekwa kwenye kibati kidogo kando ya mizani, mahali mkono wenye simu unapofika. Simu, namba moja tu, pamoja na "tunatuma mikoani", vikaenda kwenye stika ya kifuko cha unga. Mchanganyiko ukaenda ukuta wa nyuma, ule anaoutazama mtu aliyesimama akisubiri kupimiwa: mahindi, ulezi, mchele, soya, karanga. Herufi ndogo za kawaida, sentimita 5, mstari mmoja mmoja kushuka chini.

Swali la miezi ya mtoto lilituletea jambo lingine. Yule mtoto mnene wa kwenye picha, niliyemchukua mtandaoni bila kumwuliza mtu, alikuwa wa miezi mitatu hivi. Kliniki mama anaambiwa maziwa ya mama pekee mpaka miezi sita itimie. Picha ilikuwa inasema kitu ambacho shangazi mwenyewe, mezani, alikuwa anawakataza watu. Nilimwondoa mtoto. Bakuli nalo likaondoka, kwa kuwa kutoka mita 6 bakuli la uji halitofautiani na sufuria, ndoo, au kofia. Kwenye ukuta wa nyuma tukaongeza mstari mmoja: kwa mtoto, kuanzia miezi sita.

"Mungu ni mwema wakati wote" sikuligusa kwa hoja. Niliuliza tu angependa likae wapi. Akafikiri, akasema liwe ndani, juu ya kiti chake, anapoliona yeye. Lipo pale mpaka leo.

Kikabaki kibao cha mpita njia. Kwa sababu ya ile habari ya pembe, tuliachana na wazo la kutandaza. Tulichonga fremu ya mabanzi, upana sentimita 60 na kimo sentimita 45, ikachomoza kutoka kwenye nguzo ya banda kuelekea katikati ya ujia, ikimkabili anayekuja. Pande zote mbili zimeandikwa, kwa kuwa watu wanakuja kutoka pande zote mbili. Mistari miwili: UNGA, halafu WA LISHE. Ule mrefu una nafasi nane, nao ndio uliotupangia kimo: sentimita 9. Kwa kanuni ya inchi na futi kumi, sentimita 9 zinamtosha mtu aliye karibu mita 10. Ubao huu mdogo, ambao ni kama sehemu ya saba ya fleksi ya zamani, kwa kanuni hiyo unasomeka kutoka umbali wa zaidi ya mara tatu ya ile orodha ya zamani. Nilipoupima kwa macho yangu nikatamani kurudisha pesa za wateja wangu wa miaka kadhaa. Sikuzirudisha.

(Ukitaka kujua mwisho wa jicho uko wapi, kumbuka ile chati ya herufi ya hospitali. Mstari wa mtu mwenye macho mazima, kwa mita 6, una herufi za karibu milimita 9. Lakini pale umesimama, umeziba jicho moja, kuna taa, na daktari anakusubiri. Sokoni hakuna anayekusubiri, ndiyo maana kanuni ya vibao inataka herufi kubwa mara tano, sita hivi kuliko ile.)

Bei tuliamua isichapwe. Karanga zikipanda, unga unapanda, na bango lenye bei iliyofutwa kwa kalamu na kuandikwa nyingine linamfanya mteja aanze kubishana kabla hajasalimia. Chini ya kibao kuna misumari miwili yenye kulabu, na vibati vya tarakimu vinavyoning'inia: kilo 4,500. Shangazi anazibadilisha mwenyewe kwa ncha ya mwiko.

Rangi ilitupa siku nzima ya ziada. Kijani juu ya nyekundu, ile ya zamani, kwenye skrini ilikuwa inang'aa. Nilipoipiga picha kwa simu na kuigeuza iwe nyeusi na nyeupe, herufi za juu zilipotea karibu zote, kwa sababu rangi mbili zile zilikuwa na giza sawasawa. Jicho linapotazama kwa haraka linategemea sana tofauti ya mwanga na giza, rangi inakuja nyuma. Kipimo hicho cha simu hakina gharama, na kinaumbua. Kuna na jambo la turubai. Banda la shangazi limeezekwa turubai la bluu, kama nusu ya soko. Mwanga unaoingia chini yake ni wa bluu, na nyekundu ikiwa chini ya mwanga wa bluu inageuka kahawia iliyolala. Ndiyo maana nilileta vipande vya karatasi vyenye rangi sita tofauti nikavibandika palepale, saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Nyeusi juu ya njano ilishinda bila mpinzani. Pia nyekundu ina ugonjwa wake: angalia bango lolote la fleksi lililokaa juani mwaka mmoja, limebaki bluu na nyeusi tu, kwa kuwa wino mwekundu na wa njano ndio hufifia mapema. Ukiandika neno lako la maana kwa nyekundu, ndilo litakaloondoka kwanza. Njano yetu nayo ingefifia, kwa hiyo ubao tuliupaka rangi ya mafuta ya dukani na herufi nikazikata kwa stika nyeusi.

Kabla ya kupigilia misumari nilikwenda kijiwe cha bodaboda kilicho mbali kidogo na soko, watu wasiomjua shangazi. Nikawaonyesha kwenye simu picha mbili zilizopigwa kutoka mita 6, kila moja nikahesabu moja, mbili, tatu, nikaificha. Umeona nini? Kwa bango la zamani mmoja alisema mtoto, mmoja akasema M-Pesa, mmoja akasema kanisa. Kwa ubao mpya wote walisema unga, na wawili wakataja bei. Mmoja aliniuliza mbona ghali.

Tulikosea kimo. Mara ya kwanza niliutundika ukingo wa chini ukiwa mita 2, nikiona ni juu ya kutosha. Sikumfikiria mchukuzi mwenye gunia kichwani. Siku ya pili gunia la vitunguu liliupiga ukazunguka kama feni, mchukuzi akatutukana kwa haki yake yote. Sasa uko mita 2.4, na umefungwa kwa bawaba, ukiguswa unakunja na kurudi.

Shangazi haniambii mauzo yake, na simuulizi. Alichoniambia ni kwamba lile swali la "huu unga gani" limepungua, sasa wengi wanafika na swali la mchanganyiko, au wanafika na pesa mkononi wakitaja kilo. Lingine aliloniambia ni kwamba muuza dagaa anataka kama hicho.

Nilipita tena baada ya wiki tatu. Chini ya vibati vya bei kulikuwa na karatasi ya A4 iliyobandikwa kwa selotepu, mwandiko wake ule wa shule: KARANGA ZIPO, ASALI IPO, TUNATUMA SONGEA. Nikamuuliza Songea imetoka wapi. Akasema kuna mama mmoja alinunua kilo kumi akampelekea dada yake huko.

"Nitoe?" nikamuuliza.

"Acha kwanza. Mvua ikinyesha itatoka yenyewe."

Ile fleksi ya zamani anaitumia kufunikia magunia usiku, maandishi yakiwa yametazama chini.